Teksi inayoning'inia juu ya lami yenye maji

Swali: Fundi, nina picha ya Barabara ya Jinja hapa Kampala, niliipiga mvua ilipokatika, nikiwa nimesimama kando ya njia. Nimepachika teksi, zile nyeupe zenye mkanda wa miraba ya bluu. Kwenye GIMP nimenakili leya ya teksi, nikaigeuza juu chini, nikashusha opasiti hadi 40. Gurudumu la mbele limekaa vizuri lakini la nyuma linaning'inia, na taswira ya teksi kwenye maji ya lami inafanana na moshi. Nakosea wapi?

Jibu: Kugeuza gari zima kwa mkupuo kunafaa pale tu unapolitazama ubavuni moja kwa moja, au uso kwa uso. Teksi yako nadhani imekaa kimshazari, uso na ubavu vyote vinaonekana, kwa hiyo gurudumu la nyuma linagusa lami juu zaidi kwenye picha kuliko la mbele. Kila sehemu ya gari huakisiwa kuanzia pale ilipo chini yake yenyewe, si kuanzia mstari mmoja wa gari lote. Taa iliyo pikseli 150 juu ya lami, taswira yake iko pikseli 150 chini ya hapohapo kwenye lami, wima.

Basi ikate ile nakala vipande viwili kwenye kona ya bampa: ubavu leya yake, uso leya yake. Anza na ubavu. Tumia `Layer > Transform > Flip Vertically`, kisha isogeze mpaka gurudumu la mbele likutane na taswira yake. Tuseme la mbele linagusa lami kwenye mstari wa 1,400 na la nyuma kwenye 1,320. Tofauti ni 80, lakini ukipandisha upande wa nyuma kwa 80 bado litaning'inia. Kule kugeuza kumelishusha 80 chini ya gurudumu la mbele wakati linatakiwa liwe 80 juu yake, kwa hiyo unahitaji mara mbili: 160. Chukua zana ya `Shear`, ivute kwa wima, na acha magurudumu yakuamulie, maana leya huwa inazidi kidogo nje ya magurudumu. Uso nao ufanyie vivyo hivyo kwa mteremko wake. Ukitaka kuhakiki, shusha mstari wima kutoka kwenye kioo cha pembeni: lazima upite kwenye taswira ya kioo hichohicho.

Sasa ule moshi. Lami yenye maji inang'aa kwa sababu inaakisi mbingu. Teksi ikisimama pale inaiziba ile mbingu, kwa hiyo taswira yake inachukua nafasi ya mng'ao, haiwekwi juu yake. Wewe umeacha mbingu asilimia 60 ing'ae kupitia mwili wa gari. Ndani ya kidimbwi kilichotulia, kule mbali nawe unakoyatazama maji kwa kuteleza, weka `Normal` na opasiti 80 au zaidi, halafu punguza kwa maski kadiri maji yanavyokaribia miguu yako. Maji ukiyatazama wima kutoka juu hurudisha asilimia 2 hivi tu ya mwanga. Ukiyatazama kwa kuteleza, kama nyuzi 10 tu juu ya uso wake, hurudisha zaidi ya theluthi.

Vidimbwi vyetu vina udongo mwekundu, na hapo ndipo wengi huumbuka. Rangi ya matope haifutiki. Inajitokeza zaidi pale panapoakisiwa kitu cheusi. Tairi ndani ya kidimbwi hicho si jeusi, ni kahawia iliyokolea. Ichukue rangi hiyo kwenye maji yenyewe, sehemu yenye kivuli. Bati jeupe litabaki jeupe, limefifia kidogo tu.

Nje ya vidimbwi lami ina chembechembe zinazotawanya mwanga, na taswira hurefuka kwenda chini bila kutanuka sana. Nakili leya, tumia `Linear Motion Blur` kwa pembe 90, ifiche ndani ya vidimbwi kwa maski. Usiivuruge sawasawa kote: penye mguso wa tairi iwe kali, kwenye madirisha ilegee. Taa zikiwa zimewashwa, michirizi yake ichore kwenye leya ya `Screen`, ikishuka wima kuelekea kwako hata kama gari limeelekea pembeni. Wengi huielekeza kule taa zinakotazama, nayo haikubali hata ukiipunguza vipi.

Baki la mwisho ni tumbo la gari. Maji yanaiona teksi kutoka chini, kwa hiyo kati ya ukingo wa mlango na lami taswira inaonyesha chasisi ambayo picha yako haina. Paka giza hapo kwa brashi laini. Ungekuwa umepiga kutoka ghorofani, paa lingeonekana kwenye gari na lisionekane kabisa kwenye maji. Hapo hesabu ya 160 haikusaidii, kwa sababu kamera iliyoinamishwa inalaza mistari ya wima. Tafuta picha ya teksi iliyopigwa chini karibu na lami uitumie kwa taswira pekee.