Namba ya toleo na hadhi ya idhini: usivichanganye kwenye jina la faili

> Wakuu, folda yetu ya mradi imejaa faili za "final", "final2" na "approved_mpya". Juzi mafundi wamejenga kwa mchoro wa zamani. Tupange vipi ili kila mtu ajue upi ndio wa kutumia?

Mkuu, tatizo ni hilo neno "final". Linabeba mambo mawili kwa pamoja: kwamba hili ndilo toleo la mwisho, na kwamba mwenye mamlaka amelikubali. Toleo hubadilika yaliyomo yanapobadilika. Hadhi hubadilika mtu anapotoa uamuzi, hata kama hakuna mstari hata mmoja uliosogezwa. Yatenganisheni hayo kwanza.

Jina la faili liwe hivi:

```
DRJ-UHN-MCH-0014_P02.pdf
```

Mradi, idara iliyoandaa, aina ya waraka, namba ya mfuatano, kisha toleo. Kila kilicho kabla ya `_` hakibadiliki tangu waraka unapoanza hadi mradi unapofungwa. Sufuri za mbele msiziondoe, maana bila hizo programu nyingine hupanga 10 kabla ya 2. Maelezo kama "msingi wa nguzo ya kati" yaandikwe kwenye rejesta ya nyaraka, si kwenye jina. Majina marefu ndani ya folda zilizopandana hufikia kikomo cha kawaida cha Windows cha herufi 260 kwa njia nzima, kisha faili linagoma kufunguka au kunakiliwa.

Maneno ya hadhi kama "approved" pia yasiingie kwenye jina. Ukibadilisha jina kwa sababu tu waraka umeidhinishwa, viungo vyote mlivyotumiana kwa barua pepe vinaweza kukatika, na michoro iliyoliunganisha faili hilo inalikosa.

Kwa folda, nne za juu zinatosha:

```
01_KAZI
02_MAPITIO
03_RASMI
04_KUMBUKUMBU
```

Mgawanyo huu unakaribiana na hali nne za ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za ujenzi. Kwenye `01_KAZI` kila idara inaandika kwake. Kwenye `03_RASMI` wote wanasoma, lakini anayeweka na kutoa faili ni msimamizi wa nyaraka peke yake. Hapa msilegeze: mhandisi mmoja akipewa ruhusa ya kuandika "kwa leo tu", faili lililoidhinishwa litafunguliwa, litarekebishwa na kuhifadhiwa juu ya lile la awali, wala jina halitaonyesha kitu.

Tuufuate mchoro huo wa 0014. Ukiwa bado mezani kwa mchoraji unaitwa P01.01, kisha P01.02, na namba hizo za nukta hazitoki `01_KAZI`. Ukiwa tayari, PDF yake inaingia `02_MAPITIO` kama P01, na rejesta inaandikwa "unapitiwa", pamoja na tarehe na jina la mpitiaji. Tuseme unarudi na jibu "umekubaliwa kwa masharti: rekebisha kipenyo cha nondo". Hapa ndipo wengi huteleza. Mchoraji anaona ni tarakimu moja tu, anarekebisha na kuuhifadhi tena kama P01. Sasa kuna P01 mbili zenye nondo tofauti, na aliyepakua ya kwanza hana namna ya kujua. Marekebisho yakiwa madogo kiasi gani, yanazaa P02. P01 inakwenda `04_KUMBUKUMBU` pamoja na karatasi ya maoni, na P02 inapitiwa upya.

P02 ikikubaliwa bila sharti, mnatoa faili jipya la C01, yaani toleo la kujengea, bila kubadilisha jina la P02, na hiyo C01 ndiyo inayoingia `03_RASMI`. Herufi P inamwambia fundi asijengee, hata kama karatasi imemfikia kwa njia ya pembeni. Badiliko la baadaye linakuwa C02, na C01 inaondolewa kutoka `03_RASMI` siku hiyohiyo.

Kabla ya kuliweka faili `03_RASMI`, msimamizi alifungue na kulinganisha sehemu tatu: jina la faili, toleo lililoandikwa kwenye kisanduku cha maelezo ndani ya mchoro, na mstari wake kwenye rejesta. Kosa la kawaida ni jina kusema C02 huku kisanduku ndani kikisema C01, kwa kuwa mchoraji alibadilisha jina tu. Likichapishwa, jina la faili halionekani tena, na fundi anasoma C01.

Kila wiki panga `03_RASMI` kwa jina. Ukiona namba ileile mara mbili katika aina moja ya faili, kuna toleo la zamani ambalo halikuondolewa.

Nakala zilizochapishwa ndizo zenye kuponyoka zaidi, na nadhani hapo ndipo mafundi wenu walipokwamia. Rejesta iwe na safu ya nani alipewa karatasi na toleo gani. C02 ikipelekwa saiti, anayeipeleka arudi na C01 mkononi, au aipige muhuri wa "IMEBATILISHWA" palepale.