Dari ya jipsam ilipoingia tumbo, na nilichokikuta juu yake

Mwezi wa tano, masika yakimalizikia, nilijilaza chali sebuleni kwetu Wete nikaona dari imeingia tumbo. Si pahala pamoja. Baina ya kila ubao na ubao wa fremu, jipsam ilikuwa imebonyea chini kama shuka iliyoanikwa juu ya kamba ikiwa bado mbichi. Jirani akaniambia, "Ng'oa hiyo, weka pivisi. Huku kwetu mvua." Karibu nimsikilize, ila fundi mzee aliyenijengea kibaraza aliniambia, "Mwanangu, kwanza panda juu ukatazame."

Nikapanda na tochi na futi. Kama bati lingekuwa linavuja, ningeona doa la kahawia lenye ukingo, mahali pamoja. Sikuliona. Dari iliyolegea sawasawa nyumba nzima, bila doa, imelegea kwa unyevu wa hewa na uzito wake yenyewe. Sebule ina mita 3.6 kwa 4.8, yaani bodi sita za mita 1.2 kwa 2.4, za milimita 9. Jumla inazidi kilo 100. Mbao za fremu zilikuwa zimeachana sentimita 60. Kwa bodi nyembamba kwenye unyevu wa huku, hata 40 ni nyingi ya kutosha. Jipsam ikinyonya unyevu huzidi uzito, na papo hapo nguvu inapungua.

Nikaona na jengine. Matundu ya hewa ya ukutani juu yalikuwa yamezibwa kwa saruji ili popo wasiingie. Hewa ya joto na unyevu haina pa kutokea, usiku bati linapoa, linatoa jasho, na matone yanaangukia mgongo wa bodi. Ningeweka pivisi chini ya paa lile, jasho lingeendelea kumwagika juu yake nami nisijue, mpaka mbao za fremu zioze.

Tulizibua matundu tukaweka wavu wa chuma. Fundi akatia ubao mmoja kati ya kila mbili, nafasi ikawa 30. Bodi zilizokwishalegea hazirudi. Moja niliiinua kwa mti wa boriti, asubuhi yake nilipoutoa ikashuka tena. Zote sita zilibadilishwa, zikaja za milimita 12.

Kwenye kona ya chumba cha kulala, juu ya kabati, palikuwa na vidoa vyeusi vya ukungu. Ukungu huo unakula karatasi iliyoshika jipsam. Bonyeza kwa kidole gumba: pakiwa pagumu, futa, kausha, usogeze kabati mbali na ukuta hewa ipite. Pakibonyea au karatasi ikabanduka, kata mpaka ufike pakavu. Kupaka rangi juu yake ni kuuficha tu, masika yajayo utatokeza.

Bafuni niliweka pivisi, na sijuti. Hailiwi na ukungu, ingawa povu la sabuni likigandia juu yake ukungu unaota hapo, kwa hivyo hufutwa. Ila plastiki hutanuka kwa joto. Paneli ya mita 3 ikipata nyuzi 30 zaidi ya ilivyokuwa asubuhi, inarefuka kama milimita 6. Ikibanwa ukuta kwa ukuta inajikunja, na watu husema ni mbovu. Acha nafasi ya milimita 8 kila upande, ukingo wa plastiki utaifunika.

Barazani nina mbao, kwa sababu upepo unapita na unyevu unaondoka. Nazo zinatanuka na kusinyaa na majira, kwa hivyo usizibane, na usisahau dawa ya mchwa.

Jikoni ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeweka pivisi, na juu ya jiko la mkaa paneli zilianza kulainika. Plastiki hii hulegea ikifika kama nyuzi 80. Nikachukua vipande vitatu uani, nikavishikia moto kimoja kimoja, upepo ukinijia mgongoni. Ubao mwembamba ulishika, na moto ulipoondolewa ukaendelea kuwaka. Pivisi ulipoondolewa moto ilizimika, lakini ilikuwa imeshaporomoka, na moshi wake mweusi una tindikali inayochoma koo. Usiku, ndani ya nyumba, moshi ule ndio wa kuogopwa. Jipsam karatasi iliungua ikaishia hapo, na upande wa pili niliweza kuushika kwa muda. Ndani yake kuna maji yaliyofungwa, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake, na mpaka yageuke mvuke yote, joto halipiti haraka.

Jikoni sasa pana jipsam ya milimita 12. Kinga hiyo haifai kitu kama dari ina tundu, kwani moto utapanda kwenye paa kwa hapo. Kila waya wa taa ulipopita nimeziba kwa unga wa jipsam, na viungo vyote vimefungwa tepu na kupakwa mara mbili.