Bafa ya mita 500 imefunika dunia nzima

"Nina visima vya Temeke nilivyochukua kwa GPS. Nimeweka bafa ya 500 kwenye QGIS, duara limemeza ramani yote. Nimekosea wapi?"

Ndugu, data ya GPS iko kwenye EPSG:4326, inayohesabu kwa digrii, kwa hiyo 500 yako imesomwa kama digrii 500. Dar iko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo unaohesabu kwa mita. Fungua Reproject Layer, chagua EPSG:32737, kisha chora bafa kwenye tabaka jipya.

Usitumie Set Layer CRS. Hiyo hubadilisha lebo tu, namba zinabaki zilezile na visima vinahamia mbali kabisa. Ilinipotezea siku nzima.

Hakiki hivi: kisima cha Temeke kisome karibu 529000 mashariki na 9241000 kaskazini. Ukiona bado 39 na -6, hujabadilisha kitu.

Kama unapima mpaka wa kiwanja, mwite mpima ardhi aliyesajiliwa, maana GPS ya simu hukosea mita kadhaa.