Kiazi kitamu, ndizi, muhogo au wali: kipi chepesi kwenye sahani ya mtu anayepunguza mafuta mwilini?

Hapa Bukavu wengi wanaotaka kupungua huacha wali kwanza, wakahamia muhogo wa kuchemsha kwa kuwa "ni mzizi, si nafaka". Hapo ndipo hesabu inapopotea. Mwili haujali kama chakula kilichimbwa ardhini au kilivunwa kwenye suke. Kinachoamua ni maji yaliyobaki ndani yake kikishaiva.

Chukua gramu 100 za kila chakula kikiwa tayari kuliwa. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kilichochemshwa, kina kalori 80 hivi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji. Ndizi ya kupika iliyochemshwa hufika 115. Bugali, uwe wa muhogo au wa mahindi, huzunguka 125 ukisongwa kwa maji mara mbili ya uzito wa unga. Wali ni 130. Muhogo mbichi uliochemshwa, ule tuliodhani ni mwepesi, unafika 150. Kwa hiyo aliyeacha wali akala muhogo kiasi kilekile ameongeza kalori bila kujua. Viazi vitamu vyeupe, vile vikavu vinavyovunjika kama unga, navyo hupita 100, basi visihesabiwe sawa na vya chungwa.

Kosa la pili ni kulinganisha kikavu na kilichoiva. Unga wa muhogo una kalori 350 kwa gramu 100, karibu sawa na mchele mkavu au unga wa mahindi. Mzizi ukikaushwa na kusagwa, ile faida ya maji imekwisha juani. Pima unga kabla ya kusonga, kisha gawa bugali kwa sehemu. Bugali uliokwisha kuiva haupimiki kwa macho, maana mpishi mmoja huupenda mgumu na mwingine laini. Huna mizani nyumbani? Peleka kikombe chako kwa muuza unga pale Kadutu, akupimie kikijaa, uandike namba hiyo mara moja tu.

Tuchukue sahani ya jioni: gramu 150 za unga wa muhogo, pamoja na sombe yenye vijiko viwili vikubwa vya mawese. Bugali ni kalori 525. Kila kijiko cha mafuta ni 120, kwa hiyo jumla ni 765, bado hatujahesabu majani yenyewe. Sasa weka gramu 350 za viazi vya chungwa badala ya bugali: 280. Sombe ipate kijiko kimoja cha mawese: 120. Ongeza gramu 30 za sambaza kavu, ambazo ni 100 hivi. Jumla ni 500, na tumbo limejaa karibu vilevile. Tazama pia kwamba nusu ya mchezo ilikuwa kwenye mafuta. Ndizi nazo ni hivyohivyo: zikikaangwa, kalori zake huwa karibu maradufu ya zilizochemshwa.

Sambaza hazikuwekwa kwa utamu tu. Hapa nafaka inaushinda muhogo waziwazi: gramu 150 za unga wa mahindi hutoa gramu 12 hivi za protini, za muhogo 2 au 3. Anayepunguza chakula na kukosa protini hupoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta. Mizani hushuka, yeye anafurahi, lakini mikono inakonda na kiuno kimebaki palepale. Ndiyo sababu ya kupima kiuno kwa utepe kila wiki. Asiyetaka kuuacha muhogo auchanganye nusu kwa nusu na unga wa mahindi, au ale maharagi gramu 150 yaliyoiva, ambayo yana gramu 13 hivi za protini.

Kuna jambo lingine la muhogo mchungu. Sumu yake hutolewa kwa kuloweka siku tatu hadi ulainike, kisha kukausha vizuri. Mabaki kidogo mwili huyaondoa kwa msaada wa salfa inayotoka kwenye protini. Anayekula muhogo usiolowekwa vya kutosha, siku baada ya siku bila samaki wala maharagi, anaweza kupata konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu na hauponi. Kwa hiyo lishe ya "bugali kidogo na majani tu" isifanywe na unga usiojua ulivyotayarishwa.

Asubuhi, viazi viwili vya chungwa ni kifungua kinywa chepesi, mradi chai isiwe na vijiko vinne vidogo vya sukari. Hivyo vinne peke yake ni kalori 65 au zaidi, yaani karibu kiazi kingine kidogo, na havishibishi.