Mfungo Mosi 1314 ni 1896 au 1897?

*Swali: Nanukuu barua ya Kiswahili iliyoandikwa "Jumapili, 3 Mfungo Mosi 1314". Kanuni ya kubadili miaka imenipa 1896. Niiandikeje tarehe hii katika makala ya historia?*

Andika 7 Machi 1897. Kanuni uliyotumia (mwaka wa Hijria × 0.97 + 622) kwa kawaida hukupa mwaka wa Miladia ambamo mwaka wa Hijria ulianza, basi. Mwaka 1314 ulianza tarehe 12 Juni 1896 ukaisha mwanzoni mwa Juni 1897, kwa hiyo bila mwezi huwezi kuchagua kati ya hiyo miwili.

Na mwezi wenyewe una mtego. Mfungo Mosi si mwezi wa kwanza wa Hijria. Waswahili huhesabu kuanzia kufungua Ramadhani, hivyo Mfungo Mosi ni Shawwal, mwezi wa kumi, na mwaka hugeuka Mfungo Nne, yaani Muharram. Anayeudhania kuwa wa kwanza ataiweka barua Juni 1896, kisha ataiona kanuni nayo inasema 1896, na makosa mawili yatathibitishana. Hilo ndilo kosa gumu kuligundua, maana hakuna kinachogongana.

Anza na 1 Muharram ya mwaka husika, ambayo majedwali ya kubadilishia tarehe huitoa. Kisha ongeza miezi iliyopita, ukipokezanisha siku 30 na 29. Kabla ya Mfungo Mosi imepita miezi tisa: mitano ya siku 30 na minne ya 29, jumla siku 266. Kutoka 12 Juni 1896 unafika 5 Machi 1897. Hiyo ni mosi, na tarehe 3 ni 7 Machi.

Majedwali hukokotoa, ila mwandishi wa barua alifuata mwezi ulioandama kwake, kwa hiyo tofauti ya siku moja ni ya kawaida. Hapo siku ya juma ndiyo shahidi. 7 Machi 1897 ilikuwa Jumapili, inalingana. Lau barua ingesema Jumatatu, ungeandika 8 Machi.

Siku hiyo moja huweza kubeba mwaka mzima. Kwa jedwali, 27 Rajabu 1314 ni Ijumaa, 1 Januari 1897. Lakini siku ya Hijria huingia magharibi, kwa hiyo jambo lililotokea usiku wa 27 kabla ya saa sita lilikuwa bado Alhamisi, 31 Desemba 1896.

Katika makala, tanguliza tarehe ya chanzo kama ilivyo: "Jumapili, 3 Mfungo Mosi 1314 H (7 Machi 1897)". Usiifute siku ya juma. Chanzo kikitaja mwaka pekee, andika 1314 H (1896/97), kwa mkwaju; 1896–1897 kwa kistari msomaji atadhani jambo lilidumu miaka miwili.