Poti inayosubiri zamu kwenye waya usio na foleni

Kuna ugonjwa mmoja wa mtandao unaowapotezea mafundi siku nzima: pingi inarudi bila kupotea hata moja, taa za poti zinawaka kijani, lakini faili la megabaiti 700 ambalo kwenye laini ya megabiti 100 lingefika kwa dakika moja hivi, linakwenda linasimama mpaka jioni. Fundi anabadilisha waya, anakata vichwa upya, mwisho anamshauri mwenye ofisi anunue swichi mpya. Kabla ya hayo yote, soma neno moja kwenye kila upande wa kiungo: `Full`, yaani poti inatuma na kupokea kwa pamoja, au `Half`, yaani inafanya kimoja kimoja kwa zamu. Likitofautiana, waya hauna kosa lolote. Upande mmoja unafuata sheria za barabara ambayo haipo tena.

Sheria hizo zilikuwa na maana zamani. Ithaneti ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Kalifonia, na kompyuta zote zilining'inia kwenye waya mmoja mnene. Alichosema mmoja kilisikika kwa wote, na wawili wakisema pamoja hakuna aliyeeleweka. Ni kama lori linapoharibika katikati ya mlima Kitonga na kubaki njia moja: wanaopanda na wanaoshuka lazima wapokezane. Utaratibu wa kupokezana uliitwa CSMA/CD. Kwanza kadi inasikiliza, na kama kuna anayetuma, inangoja amalize. Waya ukinyamaza inatuma, huku ikiendelea kusikiliza. Ikigundua kuwa mwingine naye ameanza, inaacha, inapiga kelele fupi ya biti 32 ili kila mmoja ajue kumetokea mgongano, kisha inangoja muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Kila ikigongana tena, upeo wa muda huo unakuwa mara mbili mpaka mgongano wa kumi, na baada ya majaribio 16 fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inatupwa.

Utaratibu huo una sharti moja ambalo ndilo linaleta matatizo ya leo. Mgongano lazima ujulikane kabla mtumaji hajamaliza fremu yake. Kama wewe uko mwisho huu wa waya na mwingine yuko mwisho ule, sauti yako inaweza kumfikia wakati ndiyo kwanza ameanza kutuma, na habari ya mgongano inahitaji muda kurudi kwako. Kwa hiyo kiwango kiliweka dirisha la biti 512. Kwa megabiti 10 hizo ni mikrosekunde 51.2, na kwa megabiti 100 ni 5.12 tu. Biti 512 ni baiti 64, na ndiyo sababu fremu ya ithaneti haiwi fupi kuliko hapo hata leo. Baada ya dirisha kupita, kadi inaamini kila mtu ameshamsikia na waya ni wake. Mgongano ukitokea baada ya hapo huitwa mgongano uliochelewa, na kadi nyingi hazirudii fremu hiyo. Inapotea, na programu za juu ndizo zinazogundua pengo baadaye.

Sasa tazama waya wa kawaida wa megabiti 100 wenye kichwa cha pini 8. Pini 1 na 2 za kompyuta zinatuma, pini 3 na 6 zinapokea. Hizo ni jozi mbili tofauti za shaba, na hakuna mahali ambapo umeme wa kwenda unakutana na wa kurudi. Kwenye habu ya zamani kadi ilijuaje basi kwamba kuna mgongano? Ilijua kwa sababu habu ilinakili kila ilichosikia kwenda poti nyingine zote, hivyo kadi iliyokuwa inatuma ikianza kupokea kitu, ilikuwa na hakika kuna mwingine anayetuma. Shika hapo: ushahidi wa mgongano ni *kupokea wakati unatuma*. Hakuna kipimo kingine.

Swichi iliondoa sababu ya ushahidi huo. Kila poti ya swichi ina kompyuta moja tu upande wa pili, na fremu mbili zikielekea mahali pamoja, swichi inaziweka kwenye kumbukumbu yake na kuzitoa moja baada ya nyingine. Hakuna wa kumgonga. Mwaka 1997 kiwango cha IEEE 802.3x kikaruhusu rasmi pande zote mbili kutuma kwa wakati mmoja, yaani fulu-dupleksi. Kadi iliyo katika hali hiyo inazima kusikiliza na inazima kutambua mgongano. Inatuma inapokuwa na cha kutuma, na kupokea wakati unatuma kunakuwa kazi ya kawaida. Msongamano bado upo, ila umehamia kwenye foleni ya ndani ya swichi, na foleni ikijaa fremu hutupwa pale. Kufika kasi ya gigabiti 10, kiwango cha mwaka 2002 kiliacha kabisa hafu-dupleksi.

(Waifai ni habari nyingine. Hewa bado ni ya wote, na redio inapotuma sauti yake yenyewe inaifunika ya mwenzake, kwa hiyo haiwezi kutambua mgongano. Inajitahidi kuukwepa tu.)

Ugonjwa huja pale ambapo upande mmoja umeshika sheria mpya na mwingine za zamani. Chukua yadi ya mbao Mafinga: ofisi iko mbele barabarani, stoo yenye seva iko nyuma, mita 250. Waya wa shaba una kikomo cha mita 100, na kwa radi za msimu wa mvua huku nyanda za juu hakuna fundi mwenye busara anayevuta shaba kati ya majengo mawili. Kwa hiyo kuna fiba, na kila mwisho kuna midia konvata, kisanduku kinachounganisha fiba na waya wa shaba. Konvata ya stoo ina swichi ndogondogo za kidole chini yake, na aliyeifunga amezisukuma kwenye 100 na FULL, akidhani anahakikisha kasi. Seva imeachwa kwenye `auto`.

Poti mbili zikiwa `auto`, zinatumiana mapigo ya kuelezana uwezo na kuchagua kilicho bora kwa wote wawili. Konvata iliyofungiwa hali moja haitumi mapigo hayo. Seva inaweza kutambua kasi ya megabiti 100 kutokana na umbo la ishara inayoingia, lakini ishara hiyo haisemi lolote kuhusu dupleksi. Kiwango kinaielekeza ikikosa habari ichukue hali ya tahadhari, yaani hafu. Kwa hiyo kumlazimisha mmoja awe FULL ndiko kunakomfanya mwenzake awe HALF. Kwenye seva ya Linux utaona hivi:

```
$ ethtool enp2s0
  Link partner advertised auto-negotiation: No
  Speed: 100Mb/s
  Duplex: Half
  Auto-negotiation: on
```

Mstari wa mwisho na wa kwanza ikisomwa pamoja ndiyo hukumu: mimi nilijaribu kupatana, mwenzangu hakujibu.

Usiku seva inaanza kutuma nakala kwenda ofisini. Fremu kubwa ya baiti 1518 inachukua mikrosekunde 122 hivi kupita kwa megabiti 100. Kila baada ya fremu kama mbili, kompyuta ya ofisini inarudisha kijifremu cha kukiri kupokea, na konvata inakisukuma kwenda seva papo hapo, bila kusikiliza, kwa kuwa yenyewe ni fulu. Kikifika wakati seva iko katikati ya fremu ya tatu, seva inasema: napokea wakati natuma, huu ni mgongano. Inakata fremu na kupiga kelele. Dirisha ni mikrosekunde 5.12 kati ya 122, kwa hiyo mara nyingi mgongano huu utahesabiwa kuwa umechelewa na fremu haitarudiwa. Kijifremu cha kukiri nacho kimeharibika. TCP, programu inayohakikisha data yote imefika, inaona pengo, inapunguza mwendo, inangoja, inajaribu tena, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo kunavyogongana.

Na hapa ndipo pingi inapodanganya. Jibu la pingi linatoka baada ya ombi kufika lote, kwa hiyo fremu mbili hazikutani kamwe kwenye kiungo ambacho hakina kazi nyingine. Pima kwa kitu kinachojaza pande zote mbili kwa pamoja. Washa `iperf3 -s` ofisini, kisha kwenye seva:

```
iperf3 -c 192.168.10.5 --bidir
ethtool -S enp2s0 | grep -iE 'coll|crc'
```

Kiungo kizima kitatoa karibu megabiti 94 kila upande. Kilichotofautiana kitashuka vibaya, na hesabu za migongano zitapanda kila ukirudia amri ya pili. Tofautisha pande: upande wa hafu unaonyesha migongano, hasa iliyochelewa, na upande wa fulu unaonyesha makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, na vipande vya fremu vilivyokatwa. Ukiona CRC peke yake huku pande zote mbili zikisema `Full`, hapo ndipo ushuku waya au kichwa. Konvata nyingi hutupa fremu mbovu kimyakimya, hivyo usitegemee swichi ya ofisini ikupe ushahidi. Tazama taa iliyoandikwa FDX/COL: kwa kawaida ikiwaka bila kupepesa ni fulu, ikipepesa ni migongano. Kwenye Windows dupleksi inasomeka hivi:

```
Get-NetAdapter | Select Name, LinkSpeed, FullDuplex
```

Tiba ni kurudisha konvata kwenye AUTO. Sukuma kidole, kisha chomoa umeme na uurudishe, maana konvata nyingi husoma vidole hivyo zinapowaka tu. Kama konvata yako haina AUTO, funga pande zote mbili sawasawa:

```
sudo ethtool -s enp2s0 speed 100 duplex full autoneg off
```

Amri hii inapotea seva ikizimwa na kuwashwa, na kwa umeme unaokatika mara kwa mara ugonjwa utarudi usiku huohuo. Iandike kwenye mipangilio ya kudumu ya mtandao wa seva. Vilevile bandika karatasi kwenye konvata yenye maneno "100 FULL, auto imezimwa", kwa sababu atakayekuja kubadilisha seva ataichomeka mpya ikiwa `auto`, na mpya itaangukia hafu kama ya kwanza.

Kwenye viungo vya shaba vilivyowaka kwa gigabiti tatizo hili halikusumbui, kwani gigabiti kwenye shaba haiwezi kuwaka bila kupatana kwanza. Linabaki kwenye vifaa vya megabiti 100 ambavyo bado viko kazini: konvata, rikoda za kamera, printa za zamani, mashine za alama za vidole. Ukimaliza kurekebisha, andika hesabu za migongano zilivyo, acha nakala ya usiku ipite, kisha usome tena asubuhi. Upande ulio fulu hauna namna ya kuhesabu mgongano, kwa hiyo namba hiyo ikiongezeka hata kwa moja, kuna poti bado inasubiri zamu.