"Pesa haitoshi": pesa ipi, ya nani?

*Mwalimu, tunaandika majaribio ya huduma ya kutoa pesa kwa wakala. Chini ya mtiririko mkuu, mwenzangu ameandika: "Mtiririko mbadala: pesa haitoshi." Mimi naona "mbadala" halifai hapo. Tuandikeje?*

Umeona vizuri. Mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine na kazi ikafanyika vilevile; barabara ikifungwa ukapita njia mbadala, bado unafika. Mteja aliyekosea namba ya siri, akairudia na kupatia, amepita mtiririko mbadala: anarejea kwenye mtiririko mkuu na kuondoka na pesa mkononi. Aliyepungukiwa salio hafiki. Huo ningeuita mtiririko wa kukatishwa, na jaribio lake hufungwa kwa kuhakiki kwamba hakuna salio lililoguswa, la mteja wala la wakala.

Lakini neno linalonisumbua zaidi ni "pesa". Pesa ya nani? Mtiririko mkuu utaje mtenda katika kila hatua: mteja anaingiza namba ya wakala na kiasi, mfumo unaonyesha jina la wakala, mteja anaweka namba ya siri, mfumo unapunguza salio la mteja pamoja na makato, unaongeza floti ya wakala, yaani salio lake la kwenye simu, kisha unawatumia ujumbe wote wawili, wakala anahesabu noti na kumkabidhi mteja. Ukiusoma hivyo, "pesa haitoshi" inagawanyika yenyewe.

La kwanza ni salio la mteja. Tuseme anatoa shilingi 20,000 na makato ni 1,500. Mwenye 20,000 kamili ataambiwa na mwandishi mzembe kwamba salio linatosha, kumbe halitoshi. Andikeni majaribio mawili: salio la 21,499, mfumo unakataa, salio la 21,500, mfumo unakubali na linabaki sifuri.

La pili ni noti kwenye droo ya wakala. Hizo mfumo hauzioni, kwa hiyo muamala unaweza kukamilika kwenye simu, kisha wakala akasema hana keshi. Hapo salio la mteja limeshapungua. Jaribio lenu lifuate kurudishwa kwa muamala: floti ya wakala ipungue 20,000, salio la mteja lirudi, na ujumbe uwafikie wote. Makato nayo yanarudi? Kama maelezo ya huduma hayasemi, waulizeni wenye huduma kabla ya kuandika matokeo yanayotarajiwa.

Na floti je? Mteja anapotoa pesa, floti ya wakala huongezeka. "Floti haitoshi" ni kasoro ya kuweka pesa; ikitokea kwenye majaribio yenu ya kutoa, aliyeandika amechanganya kutoa na kuweka.

Kwa hiyo futeni "pesa haitoshi". Andikeni "salio la mteja halitoshi kiasi pamoja na makato" na, kwenye mtiririko wake peke yake, "wakala hana noti za kutosha".